Kovu na Namba Mia Mbili Sitini

Mimi sina subira, na idara nzima ya picha hospitalini inajua. Wananiita Kamanda, na si kwa heshima. Kazi yangu ni kulaza watu ndani ya mashine kubwa ya sumaku na kuwaambia wasipumue, na kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyeniudhi kuliko yule anayepumua nikimwambia asipumue.

Winchi hakuwa mmoja wao. Jina hilo walimpa kazini kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikaa juu kabisa kwenye kile kibanda cha winchi ndefu, akiinua vyuma na zege kupeleka ghorofani. Mtu wa kazi hiyo anajua kutulia. Ukimwambia azuie pumzi, anazuia mpaka wewe mwenyewe unaanza kuhema.

Nilimpiga picha mara ya kwanza miezi sita kabla ya siku ninayoisimulia. Alikuwa ameugua mafua makali, kisha kifua kikambana akiwa kwenye ngazi. Wakampima damu, wakaona misuli ya moyo inaumia. Wakakagua mishipa inayolisha moyo, ikawa wazi, hakuna iliyoziba. Ndipo akaletwa kwangu. Picha zile zilionyesha mambo mawili. La kwanza, maji: sehemu ya ukuta wa kushoto wa moyo ilikuwa imevimba. La pili, mstari mweupe kwenye ukuta huo huo, lakini kwa upande wa nje. Shambulio la mshipa kuziba huanza kuumiza upande wa ndani, karibu na damu, kisha husogea nje. Mstari wa Winchi uliuacha upande wa ndani salama kabisa. Ilikuwa ni misuli iliyowaka kwa virusi. Daktari wa moyo akamwambia ashuke kwenye winchi miezi sita, asikimbie, asibebe kitu, kisha arudi apigwe picha nyingine.

Sasa alikuwa amerudi, na mdogo wake amemsindikiza. Huyo mdogo walimwita Kamba, maana ndiye anayesimama chini ya winchi akifunga mizigo kwenye ndoano. Mmoja juu, mwingine chini, mtoto wa kwanza na mtoto wa mwisho wa mama mmoja.

"Dada," Winchi aliniambia nikimbandika vibandiko vya mapigo ya moyo kifuani, "Jumatatu narudi juu. Wamenisubiri miezi sita. Nimechoka kukaa nyumbani kama mtungi."

"Tutaona picha."

"Wewe piga tu iwe nzuri."

"Mimi sipigi picha za harusi, kaka. Lala."

Akacheka. Nikampenda kwa kucheka, na hilo lilinigharimu baadaye.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikapiga picha za mwendo: moyo wake ulikuwa unakaza na kuachia kwa nguvu. Nikapiga picha za maji: uvimbe haukuwepo. Hata chembe. Moto ulikuwa umezima, na mimi nikajikuta natabasamu peke yangu mbele ya skrini, jambo ambalo nesi aliliona akalikumbuka kunisimanga wiki nzima.

Kisha tukampa dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, na saa ikaanza.

Nieleze hapa, maana kisa chote kiko hapa. Dawa hiyo haiwezi kuingia ndani ya seli nzima. Inapita katikati ya seli, halafu damu inaiosha inaondoka. Lakini pale seli zilipokufa na mahali pao pakakaa kovu, kuna nafasi kubwa zaidi, na dawa inaingia kwa wingi na kuchelewa kutoka. Kwa hiyo tunasubiri. Baada ya dakika kumi hivi misuli mizima imeshaanza kuosha dawa, kovu bado limeing'ang'ania. Ndiyo maana tunaziita picha za kuchelewa. Kinachong'aa kwa kuchelewa kimeumia.

Ila hakijing'arishi chenyewe. Lazima mtu achague muda, kwa sehemu za elfu moja za sekunde, ambao mashine itasubiri kabla ya kuchukua picha, ili misuli mizima iwe nyeusi tititi. Ukiipata namba hiyo, kovu linajitokeza lenyewe. Ukiikosa, misuli inakuwa ya kijivu na kovu linajificha humo. Na namba haikai mahali pamoja. Kadiri dawa inavyooshwa, namba inapanda. Mashine mpya zina namna ya kujirekebisha. Yetu ni ya zamani; inamtegemea aliyeketi mbele yake.

Dakika ya tisa nikapiga picha ya kutafutia namba. Mia mbili sitini. Misuli nyeusi kabisa. Nikaandika, nikasogeza mkono kubonyeza, na mapigo ya moyo yakapotea kwenye skrini.

Waya ulikuwa umebanduka. Jasho. Bila mapigo mashine haijui ipige lini, kwa hiyo nikaingia ndani, nikamtoa, nikamfuta kifua, nikabandika vibandiko upya, na kimoja kikakataa kushika, nikanyoa pale, nikabandika tena. Winchi akaomba akohoe kidogo. Nikamwambia akohoe basi. Nje ya mlango mama mmoja aliyekuja kupigwa picha ya goti, mwenye miadi ya saa nne, alikuwa anamuuliza nesi kwa sauti ya kunifikia kama hapa watu wanakuja kupigwa picha au kuzeeka.

Niliporudi kwenye kiti ilikuwa dakika ya kumi na tisa. Nikabonyeza.

Sikupiga tena picha ya kutafutia namba, wala sikuipandisha. Iliachwa pale pale, mia mbili sitini, kama ilivyokuwa dakika kumi nyuma. Ningeweza kusema ni mama wa goti, au ni waya. Lakini nilikuwa nimeshaona hakuna maji, nimeshaona moyo unakaza vizuri, na moyoni mwangu nilikuwa nimeshamrudisha yule mtu kwenye winchi yake.

"Vuta pumzi. Toa. Zuia." Vipande kumi na viwili, pumzi moja kila kipande. Katikati ya kazi daktari wa picha akapita nyuma yangu, simu sikioni, akainama kidogo.

"Huyu ndiye yule wa virusi? Sioni kitu hapo," alisema, akaendelea na simu yake.

Nilimtoa Winchi dakika ya ishirini na nne. Nesi akachomoa sindano. Winchi akakaa kwenye ukingo wa meza ya mashine, miguu inaning'inia, akaniangalia usoni. Sisi hatusemi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza unayofundishwa: mpiga picha anapiga, daktari anasoma, mgonjwa anasubiri ripoti. Nimewafokea wanafunzi kwa kosa hilo mpaka wakalia.

"Daktari amepita hapa," nikasema. "Hajaona kitu."

Ulimi hauna mfupa. Winchi akajifunika uso kwa viganja viwili akakaa hivyo kidogo. Halafu akavaa shati juujuu, akatoka, na kabla mlango haujafunga nilimsikia akipiga simu. "Mama watoto, ni safi. Nimekwambia ni safi. Jumatatu."

Nikamwita mama wa goti. Wakati nesi anamuuliza kama ana chuma chochote mwilini, nikafungua picha za Winchi ili nizitume.

Zilikuwa za kijivu.

Nilizitazama kwanza bila kuelewa. Ukuta mzima wa moyo ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Hapakuwa na mstari mweupe, kweli. Lakini hapakuwa na weusi pia, na pasipo na weusi huwezi kusema hakuna weupe. Nikatazama kona ya chini ya picha, pale mashine inapoandika kila ulichoiambia, bila huruma. Mia mbili sitini. Nikatazama saa ya picha ya kutafutia namba, kisha saa ya picha ya mwisho.

Sikuwa na picha safi ya moyo safi. Nilikuwa na picha mbovu ya moyo nisioujua, na mwenye moyo huo yuko njiani kwenda kupanda mita sitini.

Dakika ya ishirini na saba. Dawa ilikuwa bado mwilini mwake. Inapungua, lakini ipo. Kumrudisha siku nyingine kungekuwa ni kumchoma sindano nyingine na dozi nyingine, na nani angemrudisha mtu ambaye ameshaambiwa ni safi? Barua ya kumruhusu kurudi kazini ingeandikwa Ijumaa.

"Usimwingize huyo mama," nikamwambia nesi.

"Kamanda, ameshavua viatu."

"Avivae."

Nikakimbia. Mimi na mwili wangu huu, na viatu vya kazini vinavyopiga kelele sakafuni. Kwenye mapokezi hawakuwepo. Kwenye famasi hawakuwepo. Mlinzi wa mlango wa pembeni akaniambia vijana wawili wamepita sasa hivi wanacheka. Nikatoka juani. Eneo la kuegesha lilikuwa limejaa, na nikapita katikati ya magari nikiita "Winchi! Winchi!" kama mwehu, sikukumbuka kabisa jina lililoandikwa kwenye faili lake. Kamba alikuwa ameshapanda pikipiki, kofia kichwani. Kaka yake alikuwa anainua mguu apande nyuma.

"Rudi," nikasema. Pumzi haikutosha kwa zaidi.

"Kuna nini, dada?"

"Rudi mezani. Nimekosea."

Kamba alizima pikipiki. "Umekosea nini? Umemwambia ni safi."

"Nilisema kabla ya kujua. Picha nilizipiga vibaya. Zinaweza kuwa zinaficha kitu, na zinaweza zisiwe zinaficha. Dawa inaisha mwilini, tukichelewa hatutajua. Twende, utanitukana tukifika."

Winchi hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu mkononi kisha akanyang'anywa, na ukweli ni kwamba ndivyo nilivyomfanyia. Kisha akatembea. Nilitaka akimbie, lakini sikuthubutu kumwambia akimbie, maana sikujua kilichokuwa ndani ya kifua chake. Kwa hiyo tulitembea, mimi hatua mbili mbele nikigeuka kila mara, na kila dakika ikaniuma.

Mlangoni akatoa simu, funguo, mkanda. Alipofungua shati nikaona vibandiko vyote bado viko kifuani.

"Huwa anavibandua mama watoto," akasema, bila kucheka.

Vibandiko hivyo viliokoa dakika tatu. Dakika ya thelathini na tatu alikuwa ndani. Nikapiga upya picha ya kutafutia namba, na macho yangu hayakutoka kwenye skrini. Mia tatu arobaini. Namba ilikuwa imepanda themanini wakati mimi nimekaa pale pale.

"Vuta pumzi. Toa. Zuia."

Misuli ikawa nyeusi tititi. Na kwenye ukuta wa kushoto, upande wa nje, ukakaa mstari mweupe, mwembamba, uliotulia, kama vile haukuwahi kwenda popote.

Nilisikia nesi akivuta pumzi nyuma yangu. Nilitaka mstari ule uwe uongo. Pumzi na mwendo wa damu wakati mwingine hutupa vivuli vyeupe visivyo na ukweli, kwa hiyo nikageuza mwelekeo ambao mashine inakusanyia picha. Kivuli kingehama. Mstari haukuhama. Nikaukata moyo kwa upande mwingine, kwa urefu. Ulikuwepo pale pale. Ulikuwa mfupi kuliko wa miezi sita iliyopita, karibu nusu, lakini ulikuwepo.

Nikamwita daktari wa picha. Safari hii alikuja bila simu. Nikamwonyesha picha za kwanza, namba ya kwanza, kisha za pili. Sikupunguza neno. Nikamwambia pia nilichomwambia mgonjwa.

"Na mimi nilisema sioni kitu," akasema. "Nilikuwa sahihi. Hakukuwa na kitu cha kuona, maana hakukuwa na picha." Akavuta kiti. "Andika kwenye daftari la makosa. Andika na langu. Halafu kamlete daktari wa moyo, aongee na mgonjwa leo hii hii, si Ijumaa."

Daktari wa moyo ni mama mfupi anayeongea polepole mpaka mimi nakereka, lakini siku hiyo nilimshukuru kwa upole wake. Aliwakalisha ndugu wote wawili kwenye chumba kidogo cha kusomea picha, akanizuia nisitoke.

"Nyie ni watu wa zege," aliwaambia. "Ukuta ukipasuka halafu ukazibwa, ile sehemu iliyozibwa si mbichi tena, lakini si ukuta ule ule. Mara ya kwanza tuliona weupe pamoja na maji, maana yake moto unawaka. Leo weupe upo, maji hayapo. Weupe peke yake hautuambii umri wake. Maji ndiyo yanayotuambia. Kwa hiyo hii sasa ni kovu."

"Kovu linaniua?" Winchi akauliza.

"Watu wengi wana kovu kama hili wanazeeka nalo. Moyo wako unasukuma vizuri sana. Hofu yangu ni nyingine. Moyo unaendeshwa na umeme, na umeme ukifika kwenye kovu unaweza kuzunguka badala ya kupita. Ukizunguka, moyo unakimbia. Huenda usikimbie kamwe. Picha haiwezi kuniambia hilo. Nitakuvalisha kifaa cha kurekodi mapigo siku mbili, kisha utatembea kwenye mashine ya mazoezi tukikutazama. Jumatatu hupandi."

Winchi akanigeukia. Sasa alikuwa na hasira, na nilifurahi kuiona.

"Kumbe bora ungeniacha niende."

"Ungeenda," nikamjibu, "na usingejua chochote. Wala mimi."

"Ningekuwa na furaha."

"Ndiyo. Mpaka Jumatatu."

Nilitoka nikaenda kumpiga picha mama wa goti. Alinisema vizuri kabisa, kuanzia malezi yangu mpaka saa ya ukutani, na sikumjibu hata neno moja. Nesi aliniuliza baadaye kama ninaumwa.

Siku mbili zile sikulala vizuri. Nilijiambia labda nitakuwa nimemharibia mtu kazi kwa mstari usio na madhara, kisha nikajiambia labda ningekuwa nimemuua. Nyumbani mume wangu akasema nimeanza kumwambia mtoto azuie pumzi wakati anapiga mswaki. Alitania, lakini nusu tu.

Winchi alirudisha kifaa siku ya tatu. Sikuitwa; nilijipeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo, nikasimama mlangoni nikijifanya nimeleta faili. Ndugu wawili walikuwa wamekaa. Karatasi ndefu ya mapigo ilikuwa mezani, na daktari ameweka kidole kwenye sehemu moja ambapo milima midogo iliyopangana ilikuwa imegeuka ghafla kuwa minara mipana, imebanana.

"Jana saa kumi na dakika kumi jioni ulikuwa wapi?" aliuliza.

Winchi akafikiri. "Nilikwenda kuwasalimia kazini. Nilisimama tu getini."

"Ulisikia nini?"

"Kizunguzungu kidogo. Nikashika geti. Nikadhani ni jua."

"Hapa moyo ulikimbia sana, kutoka vyumba vyake vya chini. Kisha ukarudi wenyewe." Akahesabu. "Sekunde tisa."

Winchi aliivuta karatasi akaitazama kwa karibu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Alipoongea, alikuwa anaongea na mimi pale mlangoni, ingawa hakuniangalia.

"Sekunde tisa ni nyingi, dada? Mtu anapiga miayo sekunde tisa. Nilishika geti, basi, zikaisha."

Daktari alifungua mdomo amjibu, lakini Kamba akawahi. Alikuwa amekaa mikono katikati ya magoti, na tangu niwafahamu ndugu hawa sikuwahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

"Sekunde tisa ndoano inashuka ghorofa nzima, kaka," alisema. "Saa kumi na dakika kumi ndiyo saa tunayoinua vyuma. Ungekuwa juu jana, nani angekuwa chini ya ndoano?"

Winchi alikunja karatasi taratibu mara moja, mara mbili, akairudisha mezani. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mdogo wake, kama unavyomshika mtoto, na hakukiondoa.

"Daktari," akasema, "niandikie barua. Sema sipandi."